Mmejuaje? Swali ambalo kamati ya ukaguzi haipaswi kuacha kumuuliza mkaguzi wa nje

Tarehe 18 Juni 2020, kampuni ya huduma za malipo ya Wirecard, yenye makao yake Aschheim, jirani na jiji la Munich nchini Ujerumani, ilitangaza kwamba wakaguzi wake wa nje, EY, wameshindwa kuthibitisha kiasi cha yuro bilioni 1.9 katika hesabu za mwaka 2019. Kwa mujibu wa vitabu vya kampuni, fedha hizo zilikuwa benki, katika akaunti zinazoshikiliwa na mdhamini huko Ufilipino. Benki mbili zilizotajwa, BDO na BPI, zilijibu kwamba Wirecard si mteja wao na kwamba nyaraka zilizobeba majina yao ni za kughushi. Benki Kuu ya Ufilipino nayo ikasema fedha hizo hazikuwahi kuingia nchini humo. Tarehe 22 kampuni yenyewe ikakiri kwamba kuna uwezekano mkubwa fedha hizo hazipo. Tarehe 25 ikawasilisha mahakamani ombi la kufilisika.

Hii haikuwa kampuni ya mtaani. Tangu Septemba 2018 ilikuwa kwenye orodha ya DAX, yaani miongoni mwa kampuni 30 kubwa kuliko zote katika soko la hisa la Ujerumani. Hesabu zake za miaka iliyotangulia zilipewa hati safi mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, hadi inaingia kwenye orodha hiyo, bodi yake ya usimamizi haikuwa na kamati ya ukaguzi. Kamati iliundwa mwaka 2019, wakati maswali ya waandishi wa habari na wawekezaji yalikuwa yamekwisha kuwa mengi.

Gazeti la Financial Times liliripoti baadaye kwamba kwa miaka kadhaa wakaguzi hawakuwa wameiomba benki ya Singapore, ambako fedha zilisemekana kuwepo kabla ya kuhamishiwa Ufilipino, ithibitishe salio moja kwa moja. Walitegemea nyaraka zilizoletwa na mdhamini na kampuni yenyewe. EY kwa upande wake ilisema ilikabiliwa na udanganyifu mkubwa uliopangwa kwa ustadi na watu wengi katika nchi mbalimbali. Mwaka 2023 mamlaka ya Ujerumani inayosimamia wakaguzi iliitoza EY faini ya yuro 500,000 na kuizuia kwa miaka miwili kuchukua kazi mpya za kukagua kampuni zenye maslahi ya umma.

Nimeanza na kisa cha mbali kwa sababu kinaonyesha waziwazi swali moja linaloweza kuulizwa katika chumba chochote cha kikao, kiwe Arusha, Mombasa au Kigali. Menejimenti inasema fedha zipo. Mkaguzi anasema ameridhika kwamba zipo. Kamati inapaswa kumuuliza mkaguzi: mmejuaje?

Barua ilipita mikononi mwa nani

Kamati ya ukaguzi ni kundi dogo la wajumbe wa bodi, mara nyingi watatu hadi watano, ambao hawashiriki katika uendeshaji wa kila siku. Hawakagui hesabu wenyewe. Hawana muda, na wengi wao hawana taaluma hiyo. Kazi yao ni kusimama kati ya menejimenti inayoandaa hesabu na mkaguzi anayezitolea maoni, wahakikishe kwamba huyu wa pili hategemei maneno ya yule wa kwanza kupita kiasi. Anayefika kikaoni bila kulielewa hilo hufanya moja kati ya mambo mawili: anakaa kimya kwa sababu si mhasibu, au anaanza kubishana na mkaguzi juu ya tarakimu ambazo hajaona chanzo chake. Yote mawili hayamsaidii mwanahisa.

Tuchukue salio la benki, maana wengi hudhani ndilo jambo rahisi kuliko yote. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi, ambavyo ndivyo vinavyotumika Tanzania chini ya NBAA na Kenya chini ya ICPAK, vina kiwango namba 505 kinachohusu uthibitisho kutoka nje. Utaratibu wake hauna fumbo. Mkaguzi anaandaa barua ya kuiuliza benki: hadi tarehe fulani, mteja huyu ana akaunti zipi, zina kiasi gani, anadaiwa mikopo gani, na ni mali zipi zilizowekwa dhamana? Kampuni inasaini kuiruhusu benki kujibu. Kisha mkaguzi mwenyewe anaituma barua hiyo, kwa anwani aliyoihakiki mwenyewe, na benki inajibu moja kwa moja kwa mkaguzi. Kiwango kinamtaka mkaguzi aidhibiti safari nzima ya barua hiyo, kwenda na kurudi.

Utaratibu huu huharibikia njiani, na huharibika kwa nia njema kabisa. Benki inachelewa kujibu, siku za kufunga kazi zinakaribia, basi karani wa uhasibu anajitolea: "Leteni nipeleke mwenyewe tawini, namfahamu meneja." Kesho yake analeta jibu, lina muhuri na sahihi. Kijana wa timu ya ukaguzi anashukuru, anaweka alama ya tiki kwenye karatasi yake ya kazi, anaendelea na jambo jingine. Tangu barua ilipoingia kwenye mfuko wa karani, imepoteza thamani yake ya ushahidi, hata kama kila tarakimu iliyomo ni ya kweli. Vivyo hivyo kwa jibu lililopigwa picha na kutumwa kwa barua pepe ya kawaida isiyo ya benki.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati akiuliza tu, "Je, salio la benki limethibitishwa?" atajibiwa ndiyo, na jibu hilo halimwambii chochote. Maswali yenye makali yanahusu njia. Barua alituma nani? Anwani ya benki mliipata wapi? Jibu lilifika kwenye ofisi yenu au lilipitia kwa mhasibu wetu? Kati ya akaunti zote zilizoko kwenye vitabu, ni ngapi hazijajibiwa hadi leo, na zina kiasi gani? Kwa zile ambazo hazijajibiwa mmefanya nini mbadala? Na kama kuna fedha zetu zilizoshikwa na mtu wa kati, awe wakili, wakala au mdhamini, je, mmekwenda hadi benki anayoitumia au mmeishia kwake?

Swali hilo la mwisho lingekuwa zito sana Aschheim. Si kwamba lingezuia wizi. Lakini jibu la kweli lingekuwa: tumeishia kwa mdhamini. Baada ya hapo hakuna mjumbe wa kamati ambaye angeweza kusema hakujua ushahidi ulikomea wapi.

Na si jambo jipya. Desemba 2003, kampuni ya maziwa ya Parmalat ya Italia iliporomoka baada ya Benki ya Amerika kusema kwamba barua iliyothibitisha akaunti ya kampuni tanzu ya Bonlat, yenye karibu yuro bilioni 4, ilikuwa ya kughushi. Miaka 17 kabla ya Wirecard, barua ileile, kasoro ileile.

Shilingi milioni 86

Fedha za benki ama zipo ama hazipo. Sehemu kubwa ya hesabu haiko hivyo, imejengwa juu ya makadirio. Hapo ndipo kamati nyingi hupotea, na hapo ndipo napenda tukae kwa muda mrefu kidogo, kwa mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi.

Chukulia kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi kwa maduka ya mikoani. Mwaka wake wa fedha unaisha 31 Desemba. Menejimenti imeandaa hesabu zinazoonyesha faida kabla ya kodi ya shilingi bilioni 2.

Kabla ya kuanza kazi, mkaguzi huweka kiwango cha uzito, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kubadili uamuzi wa mtu anayezitegemea hesabu hizo. Njia inayotumika sana kwa kampuni ya biashara ni asilimia 5 ya faida kabla ya kodi. Hapa ni shilingi milioni 100. Kwa kuwa makosa madogo madogo hujumlishana, mkaguzi hufanya kazi zake za kupima kwa kiwango cha chini zaidi, tuseme milioni 70. Na huweka kiwango kingine kidogo, tuseme milioni 5, ambacho makosa yaliyo chini yake hayakusanyi kabisa.

Kikao cha kwanza na mkaguzi, kile cha mpango wa kazi, kinapaswa kutumia muda kwenye tarakimu hizi tatu. Kwa nini asilimia 5 na si 3? Mwaka jana ilikuwa ngapi? Kama imepanda, ni kwa sababu gani, na ni kazi gani itapungua kwa sababu hiyo? Kiwango kikipanda, sampuli hupungua na saa za kazi hupungua. Kampuni ya ukaguzi iliyokubali kupunguziwa ada inaweza kupata nafuu hapo bila mtu yeyote kugundua. Mjumbe asiye mhasibu anaweza kabisa kuuliza hayo, na mkaguzi mzuri hufurahi kuulizwa.

Sasa tuko mwezi Machi, kikao cha kufunga. Mkaguzi amepata mambo matatu.

La kwanza ni madeni ya maduka ambayo hayajalipwa kwa zaidi ya siku 180. Jumla ni shilingi milioni 410. Menejimenti imetenga asilimia 20 kama hasara inayotarajiwa, yaani milioni 82. Mkaguzi, akitazama jinsi madeni ya umri huo yalivyolipwa miaka iliyopita, anaona inapaswa kuwa asilimia 30, yaani milioni 123. Pengo ni milioni 41.

La pili ni saruji iliyoganda ghalani na mabati yaliyopata kutu, ambayo bado yameandikwa kwa bei ya kununulia. Hasara yake ni milioni 18.

La tatu ni mauzo yaliyoandikiwa ankara tarehe 30 na 31 Desemba wakati noti za kupokelea mzigo zinaonyesha kwamba malori yalitoka ghalani tarehe 4 Januari. Faida iliyoingizwa mwaka usio wake ni milioni 27.

Jumla ni milioni 86. Menejimenti inakataa kurekebisha. Hoja yao ni kwamba milioni 86 ni chini ya milioni 100, kwa hiyo si kosa lenye uzito, na kwamba suala la madeni ni maoni tu. Mkaguzi, kwa kanuni, anaweza kutoa hati safi. Anaorodhesha tofauti hizo kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti yake kwa kamati, chini ya kichwa cha marekebisho yasiyofanyika, na kikao kinaelekea kwenye chai.

Ukurasa huo ndio ninaouona kuwa wa thamani kuliko kurasa zote ambazo kamati hupewa kwa mwaka mzima. Kiwango namba 450 kinamtaka mkaguzi awaarifu wasimamizi juu ya makosa hayo na awaombe yarekebishwe. Kamati inayousoma vizuri huona mambo matatu ambayo jumla peke yake haionyeshi.

Kwanza, makosa yote matatu yanaelekea upande mmoja. Yote yanapandisha faida. Makosa ya kuteleza huwa yanatawanyika, mengine yanapandisha na mengine yanashusha. Yakipangana upande mmoja, swali kwa mkaguzi ni hili: mnaona dalili ya upendeleo katika makadirio ya menejimenti, na mwaka jana hali ilikuwaje?

Pili, milioni 86 ni makosa yaliyoonekana. Mkaguzi hupima sampuli, hatazami kila ankara. Kama kiwango cha uzito ni milioni 100, nafasi iliyobaki kwa makosa yasiyoonekana ni milioni 14 tu. Tayari milioni 86 imepita ile milioni 70 aliyojiwekea. Kwa hiyo mwenyekiti anauliza: mna uhakika gani kwamba katika sehemu ambazo hamkuzipima hakuna makosa ya milioni 15? Mkaguzi ana majibu mawili ya heshima. Ama ameongeza kazi na anaweza kueleza ni kazi gani, ama anahitaji menejimenti irekebishe angalau sehemu ya makosa ili nafasi ipatikane. Jibu la tatu, kwamba kwa uzoefu wetu hali ni ya kawaida, halitoshi.

Tatu, uzito wa kosa haupimwi kwa kiasi peke yake. Katika mfano wetu, mikataba ya wakurugenzi watendaji inasema watalipwa bonasi iwapo faida kabla ya kodi itafika shilingi milioni 1,950. Faida iliyoandikwa ni milioni 2,000. Ondoa milioni 86, inabaki milioni 1,914. Bonasi imepotea. Kosa lililo chini ya kiwango cha uzito kwa tarakimu limekuwa zito kwa matokeo yake, na viwango vya ukaguzi vinakubali hilo: kosa linaloongeza malipo ya menejimenti, au linaloficha kuvunjwa kwa sharti la mkopo, linaweza kuwa na uzito hata likiwa dogo. Swali ni fupi: mnapohitimisha kwamba makosa haya hayana uzito, mlizitazama bonasi na masharti ya mikopo yetu?

Mazungumzo katika kikao kama hicho, kikiendeshwa vizuri, husikika hivi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, suala la wadaiwa ni la makadirio. Menejimenti wana mtazamo wao, na uko ndani ya wigo unaokubalika."

"Asante, CPA. Wigo wenyewe ni kutoka asilimia ngapi hadi ngapi?"

"Sisi tumeona ishirini hadi thelathini na tano, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo menejimenti wako chini kabisa ya wigo. Na hizo milioni 410, kuanzia Januari hadi leo zimelipwa ngapi?"

Swali hilo la mwisho ni kipimo bora cha kadirio la madeni. Fedha zilizoingia baada ya mwaka kufungwa hazibishaniwi: zinaonekana kwenye taarifa ya benki ya Januari na Februari. Kama maduka yamekwisha kulipa milioni 300, kadirio la menejimenti lina nguvu na huenda mkaguzi ndiye aliyezidisha. Kama yamelipa milioni 12, hata asilimia 30 yaweza kuwa ndogo. Kamati haihitaji kuchagua upande kabla ya kusikia tarakimu hiyo, na mkaguzi asiyekuwa nayo mkononi hajamaliza kazi yake ya kukagua madeni.

Mara nyingi matokeo ya kikao cha namna hii si ugomvi. Menejimenti inakubali kurekebisha ankara za Desemba na saruji iliyoganda, ambazo hazina ubishi, na mjadala unabaki kwenye madeni peke yake. Faida inashuka hadi milioni 1,955. Bonasi sasa inategemea kadirio moja tu, milioni 5 juu ya mstari, na kamati inajua. Inaweza kuishauri bodi isubiri makusanyo kabla ya kulipa.

Menejimenti watoke nje

Kila kamati inapaswa kuwa na muda na mkaguzi wa nje bila mtu yeyote wa menejimenti chumbani, wala mkurugenzi mkuu, wala mkurugenzi wa fedha. Muda huo uwe kwenye ajenda kila mara. Ukiitishwa kwa dharura tu, kutoka kwao kunakuwa tuhuma, na ofisi nzima inajua kabla ya jioni.

Nimeona nafasi hii ikipotezwa kwa swali moja: "Kuna jambo lolote mngependa kutuambia?" Mkaguzi anasema hapana, ushirikiano umekuwa mzuri, na milango inafunguliwa. Mkaguzi naye ni binadamu mwenye mteja wa kumtunza. Hatatoa jambo zito kwa swali la jumla, lakini ni vigumu mno kwake kusema uongo kwa swali mahususi. Kwa hiyo aulizwe: ni jambo gani mlibishana na menejimenti, na nani alibadili msimamo? Ni nyaraka gani mliomba zikachelewa zaidi ya kawaida? Ni nani katika idara ya fedha ambaye asipokuwepo hamwezi kupata majibu? Kama mngeandaa hesabu hizi ninyi wenyewe, mngefanya nini tofauti?

Swali juu ya mtu mmoja anayeshika kila kitu lina uzito katika ukanda wetu. Tarehe 13 Oktoba 2015, Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya msimamizi baada ya bodi yake yenyewe kuipelekea Benki Kuu taarifa za mwenendo usiofaa ndani ya benki. Bodi ilikuja kuyaona mambo hayo baada ya mkurugenzi mkuu, aliyeiongoza benki kwa miaka mingi, kufariki mwezi uliotangulia. Wenye akiba waliamka asubuhi wakakuta milango imefungwa.

Viwango vya ukaguzi vinachukulia kwamba hatari ya mkubwa kuzipita taratibu ipo katika kila taasisi, hata ile yenye sifa njema. Kwa sababu hiyo mkaguzi analazimika kupima maingizo yanayofanywa kwa mkono katika mfumo wa hesabu, yale yasiyotokana na ankara wala risiti ya kawaida. Kamati iulize: maingizo ya aina hiyo yalikuwa mangapi mwaka huu, mlichagua yapi na kwa vigezo gani? Je, mlitazama yaliyoingizwa usiku, siku za mapumziko, au na wakubwa ambao kwa kawaida hawagusi mfumo? Kwa benki au SACCOS, swali linaongezeka: mlihakikishaje kwamba orodha ya mikopo mliyopewa ndiyo orodha yote? Mkaguzi anayechukua sampuli kutoka kwenye orodha aliyopewa na menejimenti anaweza kuikagua kikamilifu bila kugusa mkopo ambao haumo. Inabidi pia aanzie nje, kwa mkopaji, kwenye jalada la dhamana au kwenye fedha zilizotoka, halafu arudi kuona kama mkopo huo umeandikwa.

Nani aliyekuja kazini

Yamebaki mambo ya mkaguzi mwenyewe, nami nitayapitia kwa haraka maana kamati nyingi huyajua ila hazina ujasiri wa kuyasema. Mbia aliyekuja na suti kuomba kazi, ametumia saa ngapi kwenye ukaguzi huu? Aliyepitia jalada la madeni ana uzoefu wa miaka mingapi? Kampuni yao inatufanyia kazi nyingine gani, za ushauri wa kodi au mifumo, na zinalipwa kiasi gani ukilinganisha na ada ya ukaguzi? Kuna mtu yeyote wa timu yao aliyeomba kazi kwetu, au mtu wetu aliyetoka kwao? Uhuru wa mkaguzi huwa unathibitishwa kwa barua yenye sentensi moja. Kamati ina haki ya kujua kilicho nyuma ya sentensi hiyo.

Ada nayo isiachiwe idara ya fedha peke yake ijadiliane. Mkurugenzi wa fedha anayemkata mkaguzi asilimia 20 ya ada anaweza kuonekana shujaa wa kubana matumizi, lakini ndiye anayekaguliwa. Kamati iulize ni kazi gani iliyokuwepo mwaka jana na haipo katika mpango wa mwaka huu.

Kwa taasisi za umma za Tanzania mkaguzi ni CAG, anayeweza kuteua kampuni binafsi imfanyie kazi kwa niaba yake, kwa hiyo kamati haichagui wala haifukuzi. Maswali ya ushahidi yanabaki yaleyale.

Mwisho ni muhtasari wa kikao. Mihutasari mingi huandika: "Kamati ilipokea ripoti ya mkaguzi wa nje na kuijadili." Mambo yakiharibika, sentensi hiyo haimkingi mjumbe yeyote wala haimsaidii mrithi wake. Katibu aandike swali na jibu: kwamba kamati iliuliza fedha zilizopokelewa kutoka kwa wadaiwa wa zaidi ya siku 180 kati ya Januari na tarehe ya kikao, kwamba mkaguzi alijibu ni kiasi fulani, kwamba akaunti mbili za benki zilikuwa hazijathibitishwa na mkaguzi aliahidi kuleta majibu kabla ya kusaini, na jina la mjumbe atakayefuatilia. Kisha mjumbe huyo apige simu kabla ya siku ya kusaini hesabu, aulize kama barua za benki zimefika, na zimefika kwa nani.